Barua ya madai: monita 20 zilizofika na rangi na mwanga usiolingana

Huduma za Intaneti na Steshenari,
Jirani na Stendi ya Msamvu,
Morogoro.

9 Juni 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Kompyuta na Vifaa Vyake,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MONITA 20 ZA INCHI 22 KUFIKA ZIKIWA NA RANGI NA MWANGA TOFAUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 26 Mei 2025 nilinunua dukani kwenu monita 20 za mtumba, daraja A, kwa Sh. 165,000 kila moja, jumla Sh. 3,300,000, na nikapewa risiti ya EFD. Kabla sijalipa, kijana wenu wa mauzo aliwasha moja pale mezani. Nilimwomba anifungulie ukurasa mweupe na picha ya uso wa mtu, nikaitazama kwa mbele na kwa ubavuni, nikaridhika. Akaniambia zote 20 ni za mzigo mmoja na modeli moja, na zitakuwa sawa na ile ya mezani. Nililipa kwa sababu ya maneno hayo.

Mzigo ulifika salama. Hakuna kioo kilichopasuka, na monita zote zinawaka. Tatizo ni kwamba hazifanani, na tofauti yenyewe ni kubwa kiasi kwamba mteja anaiona akiwa bado mlangoni. Monita 11 ziko sawasawa na sampuli niliyoonyeshwa. Sita zina mwanga hafifu na weupe wake umegeuka manjano. Tatu zilizobaki mwanga wake unatosha, lakini rangi hubadilika kila mtu anapojisogeza kwenye kiti.

Nilipopiga simu wiki iliyopita, fundi wenu aliniambia huenda ni umeme wa huku, au waya, au mipangilio. Nimeyafanyia kazi yote matatu, naye anastahili majibu. Monita hizi zinapokea umeme wa volti 100 hadi 240, imeandikwa kwenye lebo ya nyuma, kwa hiyo umeme wa TANESCO ukipanda au ukishuka kidogo hauwezi kuifanya moja iwe ya manjano na jirani yake iwe nyeupe, tena zote zikiwa kwenye UPS moja. Kuhusu waya, najua kuwa VGA iliyolegea inaweza kupoteza rangi moja na kuacha skrini ikiwa ya waridi au ya manjano. Ndiyo maana nilitumia kompyuta moja na waya mmoja wa HDMI, nikazipitisha monita zote 20 hapo, moja baada ya nyingine. Kila moja niliirudisha kwanza kwenye `Factory Reset`, nikazima `Dynamic Contrast`, nikaweka `Brightness` 50 na rangi 6500K. Kwenye Windows nilihakikisha `Night light` imezimwa. Zile sita zilibaki na manjano yake, na zile tatu zilibaki na tabia yake.

Kisha nilichukua simu yangu yenye programu ya kupima mwanga, nikaigusisha kwenye kioo katikati ya ukurasa mweupe, mahali palepale kwa kila monita, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Simu si kipimo cha maabara, lakini ni simu ileile kwa skrini zote, na tofauti kati ya moja na nyingine inaonekana vizuri. Zile 11 zilisoma kati ya luksi 205 na 230. Zile sita zilisoma kati ya 88 na 115. Yaani zinatoa karibu nusu tu ya mwanga wa wenzake.

Sababu yake mtaiona wenyewe mkifungua menyu ya monita na kuingia `Information`, kwenye mstari ulioandikwa `Backlight Hours`. Zile 11 nzuri zina saa 5,000 hadi 9,000. Zile sita zote zimepita saa 28,000, na moja imefika 34,612. Monita inayowashwa saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutumika saa 3,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo inatupeleka kwenye zaidi ya miaka 11 ya kazi kwa hiyo moja. Taa ya LED iliyo nyuma ya paneli haizimiki ghafla, inafifia taratibu, na kadiri inavyochakaa weupe wake nao unahama. Lebo za nyuma zinasema hivyohivyo: zile 11 zimetengenezwa mwaka 2018, hizi sita 2012 na 2013. Sioni namna zinavyoweza kuitwa mzigo mmoja.

Zile tatu ni jambo jingine. Ganda lake la nje na maandishi ya mbele ni vilevile, lakini paneli yake ni ya TN, wakati sampuli na zile 11 ni za IPS. Ukikaa mbele yake wima, huwezi kugundua. Ukiinuka, sehemu ya chini ya picha inafifia, na ukiinama nyuso zinageuka nyeusi kama negativu ya filamu ya zamani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mnavyoweza kudhani. Kompyuta ya dukani kwangu haitazamwi na mtu mmoja. Mwanafunzi anakaa, mzazi anasimama nyuma ya bega lake, na mhudumu wangu anasimama pembeni akiwaelekeza. Kwenye monita hizo tatu kila mmoja wao anaona kitu tofauti.

Fundi wenu alishauri nizilinganishe kwenye menyu tu. Nimejaribu, na naomba nieleze kwa nini haiwezekani, maana naona ndipo tunapopishana. Kwenye monita zile sita nikipandisha `Brightness` hadi 100, napata mwanga ambao zile 11 zinautoa zikiwa 45 au 50. Hakuna tena pa kupandisha. Kuhusu manjano, vipimo vya Red, Green na Blue kwenye menyu tayari viko 100. Blue haiwezi kuongezwa zaidi ya hapo, kwa hiyo njia iliyobaki ni kushusha Red na Green ili ziifuate Blue, na kila ninapozishusha, skrini iliyokuwa hafifu inazidi kuwa hafifu. Ili monita 20 zifanane, ningelazimika kuzishusha zile 11 nzuri hadi zifikie ile mbovu kuliko zote. Chumba changu kinatazama barabarani, mlango uko wazi mchana kutwa, na kwa mwanga huo hakuna mtu atakayesoma kitu. Nililipia skrini nzuri 20, siwezi kuziharibu 11 ili 9 zisionekane.

Naomba pia mjue kazi inayofanyika kwenye skrini hizi. Tunapiga na kuchapa picha za pasipoti saizi zenye bluu nyuma. Mhudumu anarekebisha uso wa mteja kwenye skrini, na akiwa amekaa kwenye moja ya zile za manjano anaona ngozi imezidi manjano, anaongeza bluu, na picha inatoka kwenye printa mteja akiwa na sura ya mgonjwa. Karatasi ya picha na wino vimelika, na mteja anasubiri upya. Kadi za michango ya harusi ndiyo kabisa. Mama wa bi harusi anachagua zambarau kwenye skrini moja, anahamia kwa mhudumu mwingine kulipia, anaona rangi nyingine na kusema tumembadilishia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la wanafunzi. Sasa unakuja msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB na ya vyuo, na hapa Morogoro tuna SUA na Mzumbe, achilia mbali wanaotoka vijijini na kushukia Msamvu. Hawa wanakuja na vyeti vya kuzaliwa ambavyo lazima vihakikiwe na RITA, vingine vimekunjwa miaka mingi na mhuri wake umefifia. Tukiskani cheti kama hicho, kwenye monita nzuri mhuri unaonekana. Kwenye zile sita unapotea kabisa, mhudumu anadhani skani ni mbaya, anaongeza weusi na kuskani tena, na faili linalopakiwa linakuwa na madoa yasiyosomeka. Kijana huyo amekopa nauli kuja mjini. Sitaki ombi lake lirudishwe kwa sababu ya skrini yangu.

Najua dhamana yenu ya miezi sita imeandikwa kwamba inahusu monita isiyowaka. Sidai chini ya kipengele hicho. Nadai kwa sababu niliuziwa kwa sampuli, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba mali iliyouzwa kwa sampuli lazima mzigo wake ulingane na sampuli kwa ubora, na mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kulinganisha. Nafasi hiyo nimeipata mzigo ulipofika, nimelinganisha, na monita 9 hazilingani.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie monita hizo 9 kwa nyingine zenye paneli ya IPS, zilizotengenezwa mwaka 2017 au baadaye, na zenye `Backlight Hours` zisizozidi 12,000. Kabla hamjazifunga kwenye maboksi, mzipige picha zikiwa zimewashwa pamoja, zote kwenye ukurasa mweupe na `Brightness` 50, pamoja na picha ya ukurasa wa `Information` wa kila moja, mnitumie kwa WhatsApp. Nikiridhika ndipo zisafirishwe. Gharama za usafiri wa kwenda na kurudi ziwe juu yenu. Zile 9 nimezirudisha kwenye maboksi yake pamoja na nyaya zote, na sijazitumia tangu nimalize kuzipima.

Kama hamna za namna hiyo stoo, semeni mapema. Sitaki nyingine zinazokaribiana tu. Katika hali hiyo nirudishiwe Sh. 1,485,000, ambayo ni bei ya monita 9, kwa njia ileile niliyolipia, nami nitawarudishia mzigo wenu siku hiyohiyo pesa zitakapoingia.

Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025. Ikipita tarehe hiyo bila jibu, nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya barua hii, risiti na vipimo vyote. Ningependa tusifike huko. Kibodi zangu, wino na karatasi nimekuwa nikinunua kwenu, na hazijawahi kunipa tabu. Bado nina mpango wa kuongeza viti vingine 10 mwakani, na monita zake nitazihitaji kutoka kwa mtu ambaye akiniambia "zote ni sawa na hii", zinakuwa sawa na hiyo.

Mkitaka kumtuma fundi aje azione, anakaribishwa siku yoyote ya kazi. Treni ya SGR inamfikisha hapa asubuhi na kumrudisha jioni, nami nitakuwa nimeziwasha zote 20 zikimsubiri.

Wenu katika biashara,

Mama Nasra
Mmiliki

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, orodha ya serial namba za monita 20 pamoja na mwaka wa kutengenezwa, saa za taa na kipimo cha mwanga cha kila moja, picha za monita zote kwenye ukurasa mweupe, video fupi ya zile tatu zikitazamwa kwa juu, chini na ubavuni.