Barua ya Kupandishwa Cheo: Meneja Msaidizi wa Uzalishaji

OFISI YA MENEJA MKUU
KIWANDA CHA CHAI, MUFINDI
MKOA WA IRINGA

Kumb. Na. KCH/RW/61/2024
19 Juni 2024

Bi. Tumaini Kibiki,
Msimamizi wa Zamu, Idara ya Uzalishaji,
K.K. Meneja wa Kiwanda.

SIRI

YAH: KUPANDISHWA CHEO KUWA MENEJA MSAIDIZI WA UZALISHAJI KUANZIA 1 JULAI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na mazungumzo yetu ya wiki iliyopita wewe, mimi na Meneja wa Kiwanda.

Nina furaha kukuarifu kuwa Menejimenti imekupandisha cheo kutoka Msimamizi wa Zamu kuwa Meneja Msaidizi wa Uzalishaji, kuanzia Jumatatu tarehe 1 Julai 2024. Utaripoti moja kwa moja kwa Meneja wa Kiwanda. Wasimamizi wote wa zamu, chumba cha boila, mapokezi ya majani na chumba cha kupanga madaraja watakuwa chini yako.

Uamuzi huu haukuchukua muda mrefu. Tangu ulipoajiriwa Machi 2017 ukitokea SUA, umepita katika kila hatua ya kiwanda hiki, kuanzia vitanda vya kunyausha hadi kwenye magunia yaliyofungwa tayari kwa mnada. Wengine nao wamepita. Kilichokutofautisha ni kwamba zamu yako ndiyo ambayo daftari lake la unyevu wa chai iliyokaushwa husomeka bila kuuliza mtu, na wasimamizi wenzako wameanza kuiga namna unavyolijaza bila kuagizwa.

Tarehe ya kuanza imepangwa makusudi. Julai na Agosti baridi ya Mufindi hupunguza majani mabichi, mashine hupumzika na mafundi hupata nafasi ya kuzifungua. Tunataka ujifunze kazi mpya wakati kiwanda kimetulia, ili mvua za Novemba zikianza na magari kupanga foleni getini, uwe umeshakaa kwenye kiti. Kwa siku zilizobaki za Juni utaendelea na zamu yako kama kawaida, huku ukimkabidhi majukumu kidogo kidogo yule atakayekaimu nafasi yako. Jina lake utapewa na Ofisa Rasilimali Watu kabla ya Ijumaa.

MSHAHARA

Mshahara wako wa msingi unapanda kutoka Sh. 780,000 hadi Sh. 1,150,000 kwa mwezi. Juu yake utalipwa posho ya nyumba ya Sh. 150,000 kwa mwezi, hivyo jumla kabla ya makato ni Sh. 1,300,000.

Najua mtu akipewa barua ya namna hii macho hukimbilia kwenye jumla, halafu hati ya malipo ya mwezi wa kwanza ikifika huanza maswali. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii, kwa viwango vya kodi vinavyotumika sasa:

Jumla kabla ya makato: 1,300,000
Mchango wako wa NSSF, asilimia 10: 130,000
Kodi ya PAYE, inayokokotolewa kwenye 1,170,000 zinazobaki: 179,000
Marejesho ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 172,500
Utakachopokea mkononi: 818,500

Kwa mshahara wa sasa, bila saa za ziada, unapokea Sh. 528,600. Utaona kuwa makato ya Bodi ya Mikopo yanapanda kutoka 117,000, kwa kuwa yanafuata mshahara wa msingi. Hayo si ya kampuni na hatuna uwezo wa kuyapunguza, ila deni nalo litaisha mapema zaidi. Kampuni itaendelea kuchangia NSSF asilimia 10 kwa upande wake, safari hii juu ya kiasi kikubwa zaidi.

Posho ya nyumba inakatwa kodi kama mshahara. Ukipenda, badala ya posho unaweza kuchukua nyumba ya kampuni iliyo karibu na kiwanda, ile aliyohama Mhasibu. Paa lake linavuja upande wa jikoni na fundi ameahidi kulimaliza kabla ya mwisho wa Julai. Tuandikie unachochagua unaporudisha barua hii.

SAA ZA ZIADA

Hili nililisema wazi tulipokutana na ninaliweka kwenye maandishi ili lisije likawa jipya kwako mwezi wa tatu, majani yakifurika. Kuanzia 1 Julai hutalipwa tena saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwawekei utaratibu wa saa za kazi na malipo ya ziada watu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na sasa umeingia kundi hilo.

Katika msimu umekuwa ukipata hadi Sh. 180,000 za ziada kwa mwezi. Tumepiga hesabu ya mwezi wako mzuri kuliko yote: baada ya makato ulipokea Sh. 653,000. Mshahara mpya unazidi hapo kwa Sh. 165,500 kila mwezi, kuwe na majani au kusiwe. Hata hivyo, kutolipwa saa za ziada hakumaanishi kwamba muda wako hauna mwisho. Ukikesha kiwandani kwa sababu ya hitilafu, siku inayofuata utapumzika, na utaiweka kwenye ratiba mwenyewe bila kuja kuniomba.

Saa za ziada utakazofanya hadi 30 Juni zitalipwa pamoja na mshahara wa Juni kwa kiwango chako cha sasa.

MAJUKUMU YANAYOONGEZEKA

Kazi yako ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, ni mapokezi ya majani mabichi. Hadi sasa umeyapokea majani yakiwa yameshapita kwenye mizani. Sasa wewe ndiye utakayeamua gari lipi lishushwe na lipi lirudi. Unajua majani yaliyoshindiliwa kwenye magunia yakachelewa njiani hupata joto, yakawa mekundu kabla hata ya kufika kwenye vitanda, na hakuna mashine itakayoyarudisha. Lakini unajua pia kwamba nyuma ya kila gunia kuna mkulima mdogo wa Sawala au Luhunga aliyeamka gizani, na gari lililochelewa mara nyingi ni letu. Kwa hiyo kukataa majani kutakuwa na utaratibu: utapima, utaandika sababu, mwakilishi wa wakulima atatia sahihi, na kama kosa ni la usafiri wetu mkulima atalipwa. Mzani ukaguliwe kila asubuhi mbele ya wakulima wenyewe. Malalamiko ya mzani yakifika ofisini kwangu kabla hayajafika kwako, nitakuuliza wewe.

Utakuwa na wajibu wa ubora wa chai kuanzia kunyausha, kusaga kwenye CTC, kuchachusha na kukausha, hadi madaraja ya BP1, PF1 na mengine yanapoingia kwenye magunia. Utaongoza kikao cha kuonja chai kila Jumatano. Taarifa za madalali wa mnada zitakuja kwako moja kwa moja; ukisoma kwamba chai yetu imeitwa laini au imeungua, wewe ndiye utakayetafuta ni zamu gani na saa ngapi.

Kuni za boila nazo zinahamia kwako. Utakubaliana na idara ya mashamba kuhusu mikaratusi itakayokatwa, na utahakikisha hakuna kuni mbichi inayoingia tanurini kwa kisingizio cha haraka. Kuni mbichi zinakula pesa mara mbili: unachoma nyingi, na mvuke bado hautoshi.

Una idhini ya kusaini manunuzi ya vipuri hadi Sh. 500,000 kwa mara moja. Zaidi ya hapo ni Meneja wa Kiwanda. Usigawe manunuzi makubwa kuwa madogo madogo ili yapite kwenye sahihi yako. Mkaguzi huyaona haraka.

Kuhusu watu: utapanga zamu, utaidhinisha likizo za walio chini yako na utatoa onyo la mdomo au la maandishi. Kufukuza kazi hakumo katika mamlaka yako. Hilo lina taratibu zake na linapitia Rasilimali Watu. Utakuwa pia mwakilishi wa menejimenti kwenye kamati ya usalama na afya kazini. Ajali yoyote, hata ya kidole, iripotiwe siku hiyo hiyo ili madai ya WCF yasikwame kwa ajili ya karatasi.

Hutasimamia hesabu za malipo ya wakulima wala mikataba ya mnada. Watu watakuletea, kwa sababu wamekuzoea. Waelekeze kwa Mhasibu.

MENGINEYO

Hatukuweki kwenye matazamio. Tumekuona kwa miaka saba, inatosha. Mwishoni mwa Septemba tutakaa watatu tuangalie kazi inavyokwenda, na hapo useme nawe ulichokosa kutoka kwetu. Kampuni itakupa simu ya kazi yenye laini na vifurushi, pamoja na pikipiki kwa ajili ya kuzungukia vituo vya kukusanyia majani. Pikipiki isibebe abiria wa kulipa.

Utumishi wako unahesabika mfululizo tangu 6 Machi 2017. Likizo inabaki siku 28 kwa mwaka, na siku 11 ulizobakiza hazipotei, ila tunaomba uzichukue kabla ya Oktoba. Masharti mengine yote ya mkataba wako wa ajira yanabaki kama yalivyo, na barua hii itaambatanishwa nao kama marekebisho ya maelezo ya ajira.

Tafadhali saini nakala moja na uirudishe kwa Ofisa Rasilimali Watu kabla ya saa kumi jioni, Jumanne tarehe 25 Juni 2024. Kama kuna neno usiloridhika nalo, njoo tulizungumze kabla ya kusaini.

Hongera, na nakutakia kazi njema.

(Sahihi)
A. J. Ngailo
MENEJA MKUU

Nakala: Meneja wa Kiwanda
Ofisa Rasilimali Watu (jalada binafsi)
Mhasibu (kwa utekelezaji wa mshahara kuanzia Julai 2024)

KUKUBALI

Mimi, Tumaini Kibiki, nimeisoma barua hii yote na kuielewa. Nakubali cheo, mshahara na majukumu yaliyotajwa kuanzia 1 Julai 2024.

Nyumba: nachukua posho kwa sasa. Paa likikamilika na mvua moja ikapita bila kuvuja, naomba nipewe nafasi ya kubadili.

Mzani: naomba mawe ya kupimia yaliyohakikiwa yawepo getini kabla ya tarehe 1, maana yaliyopo sasa yanashinda kwenye karakana.

(Sahihi) T. Kibiki
24 Juni 2024