Maswali kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ya ghorofa ya pili

Shikamoo mama,

Asante kwa kunionyesha nyumba jana. Nimeipenda, na majibu ya maswali haya yakiniridhisha nitakuja kusaini Jumamosi. Tutaishi watu wanne.

Kikubwa kwangu ni maji. Ya bomba yanatoka siku zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Yanapanda yenyewe mpaka kwenye tenki la juu au ni mpaka pampu iwashwe? Kama ni pampu, nani huiwasha, na umeme ukikatika saa hizo inakuwaje? Niliona tenki moja la lita 5,000 kwa nyumba sita. Kila nyumba ikiwa na watu wanne, kila mtu akitumia lita 60 kwa siku, jumla ni lita 1,440. Tenki linakauka kabla siku ya nne haijaisha. Kwa hiyo naomba kujua mwaka huu maji yamewahi kukatika siku ngapi mfululizo, na kama naruhusiwa kuweka simtanki langu la lita 500 kwenye baraza ya nyuma.

Bomba la jikoni lilitoa maji vizuri, la mvua likatoa kidogo sana. Huenda matundu yamezibwa na chumvi au koki haijafunguliwa yote, hayo yanarekebishika. Lakini sisi tuko chini tu ya paa, na tenki limekaa juu ya zege bila kuinuliwa, hivyo naogopa shida ni mgandamizo. Fundi akiangalia kabla sijahamia nitashukuru. Mita je, ni yangu peke yangu au bili inagawanywa?

Taka huzolewa siku gani, na ada imo kwenye kodi? Gari lisipopita, mifuko inakaa wapi? Ile niliyoiona chini ya ngazi ilikuwa inachuruzika.

Nafanya kazi nyumbani kwa mikutano ya video. Faiba imeingia kwenye jengo au imeishia kwenye nguzo ya barabarani? Kama haijaingia, naweza kutoboa ukuta kupitisha waya? Kile kiboksi kilichobaki sebuleni naomba mpangaji aliyehama akirudishe kwa kampuni yake, maana kikiwa bado kwenye akaunti yake mimi siwezi kukitumia. Wapangaji wengine wanatumia mtandao gani, na saa mbili usiku kasi inashuka?

Mwisho ni kelele. Chumba cha kulala kinatazama karakana ya kuchomelea vyuma; wanafunga saa ngapi, na Jumapili wanafanya kazi? Kuna jenereta, spika za nje au mbwa wanaobweka usiku? Naomba nije Ijumaa saa tatu usiku, nikae nusu saa madirisha yakiwa wazi, nipime na mtandao wa simu chumba cha nyuma.

Ukinijibu kwa ujumbe wa sauti ni sawa pia, mama.