Kwa wenzangu wa ofisi ya Malindi, Unguja: jina langu linavyotamkwa, na la mkato ninaloliitikia

Assalaam aleikum nyote, na habari za kazi.

Kuanzia Jumatatu nahamia kwenu kutoka tawi la Chake Chake, meza ya nyaraka za mizigo. Wengi wenu tumeshaandikiana, lakini sauti hatujazisikia. Jina langu linasumbua watu kwa mdomo na linasumbua zaidi kwa maandishi, kwa hiyo bora nilieleze mapema kabla hati ya kwanza haijarudishwa forodhani. Mtu akitaka njia ya mkato: kwenye kundi letu la Watsapu nimeweka sauti fupi, mara mbili polepole na mara moja kwa mwendo wa kawaida. Isikilize, irudie kwa sauti, basi. Yaliyobaki hapa ni ya anayetaka kujua linakwama wapi.

Jina ni Thuwaiba Khatib Shaame. Thuwaiba ndiye mimi. Khatib ni baba, Shaame ni babu.

Thuwaiba lina silabi nne: thu-wa-i-ba. Mkazo unakaa kwenye "i", vile vile unavyokaa katika neno "zaidi". Sema "zaidi" mara mbili tatu, kisha badilisha herufi na mwendo uache vile vile: za-I-di, wa-I-ba. Hiyo "wa" na "i" hutoka kwa pumzi moja bila kusita katikati, lakini pia zisigandane zikawa "e". "Thuweba" nalisikia sana, na wapo wanaoitwa hivyo kwa haki yao. Mimi si mmoja wao.

Kazi yenyewe iko kwenye "th". Ni ile ya thamani, thelathini, hadithi, methali. Kiswahili kimeipata pamoja na maneno ya Kiarabu, na lugha nyingi za nyumbani kwa wenzetu wa bara hazina sauti hiyo, ndiyo maana ulimi unakimbilia "s" bila mwenyewe kukusudia. Anayesema "samani" akitaka kusema "thamani" ataniita Suwaiba, na hapo sababu ni moja tu: meno yamefungwa na ulimi umebaki ndani. Fungua meno kiasi cha kupitisha ukucha, toa ncha ya ulimi kidogo iguse meno ya juu, puliza hewa. Usitie sauti ya koo. Weka vidole viwili kooni: pakitetemeka umeshaingia kwenye "dh" ya dhahabu, pakitulia uko sawa. Kamera ya mbele ya simu ni kioo kizuri kwa jambo hili. Kama ncha ya ulimi huioni, bado ni "s".

Wapo wanaoiweza "tha" vizuri ila "thu" ikawashinda. Hilo nalo lina sababu yake. "U" inataka midomo iviringwe, na midomo ikiviringwa ulimi nao hurudi nyuma, "th" ikapotea kabla haijatoka. Basi tanguliza ulimi, midomo ifuate. Anza na "thhh" ndefu huku midomo imelegea, kisha iviringe: thhh-u. Baada ya hapo "w" inakuja yenyewe.

Na ikikataa kabisa? Hapo ndipo jina la mkato linapofanya kazi. Niiteni Thuwe. Kwa asiyeipata "th", Tuwe pia naitika, na naitika kwa furaha. Ila hiyo "t" ibaki kwenye jina la mkato peke yake. Ukiipeleka kwenye jina zima inakuwa "Tuwaiba", na masikioni mwa Mswahili yeyote hiyo iko karibu mno na "tuwaibe". Sisi ni watu wa kupokea makontena ya wateja. Mteja apige simu kuulizia mzigo wake, aambiwe subiri nakupa Tuwaiba! Hapana, jamani.

Suwe na Suwaiba ningeomba tuviache. Si kwa kuchukia. Jina likianza na "S" msikilizaji huliandika kwa "S", na likishaandikwa hivyo linaanza kukaribiana na Suhaib na Shuaibu, ambayo ni majina ya kiume. Barua ikija kwa "Ndugu Suwaibu", mtu wa mapokezi atatafuta mwanamme ambaye hayupo.

Kwa simu, hata aliye hodari wa kutamka hatasikika. Laini ya simu hukata sehemu ya juu ya sauti, na tofauti kati ya "th", "s" na "f" iko huko juu. Redio za mkononi za bandarini ni vivyo hivyo, na kelele za kreni juu yake. Msijichoshe kurudia, taja herufi: T ya Tumbatu, H ya Hurumzi, U ya Unguja, W ya Wete, A ya Amani, I ya Iringa (hiyo nimeazima bara), B ya Bububu, A ya Amani. Redioni, Thuwe inatosha.

Sasa Khatib. "Kh" ni ile ya kheri na Khamis, inakwaruza kidogo nyuma ya koo. Ukisema Hatibu kwa "h" ya kawaida na "u" mwishoni, si neno, ndivyo wengi wanavyosema. Kinachokatazwa ni "Katib", kwa kuwa hapo hapo watu humalizia "Katibu", na mzee wangu hajawahi kuwa katibu wa chochote. Jina lake ni la msoma hotuba ya Ijumaa.

Shaame ni sha-a-me, silabi tatu, "a" ya kuvuta kama ya "saa". Kwa nini naishikilia "a" ya pili? Kwanza, ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari na kwenye pasi. Pili, ukiiondoa moja, wakala wa meli anayesoma kwa Kiingereza anaona neno la Kiingereza lenye maana ya aibu, na analitamka hivyo. Nakala ikija na "a" moja, irudisheni ikarekebishwe siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipokusudia kufika. Katika kutamka nina uvumilivu, katika kuandika sina. Mtu akinambia Hatibu, Tuwe, hata Thuweba kwa kupitiwa, kazi inaendelea. Lakini Thuwayba, Thuweiba, Thuwaybah na Thuweba kwenye hati ni watu wanne tofauti, wote si mimi. Wanaonijua wamezoea kuchanganya kwa sababu majina haya yote yanatokana na lile la Kiarabu, la yule bibi aliyemnyonyesha Mtume kabla ya Halima, na kila nyumba imechagua tahajia yake. Benki haijui hayo. Fomu ya idhini ya kutoa mzigo, tiketi ya boti ya kwenda Pemba, malipo ya posho: zote zilingane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Njia salama ni kunakili kutoka hapa na kubandika, si kuandika kwa kukumbuka:

```
Thuwaiba Khatib Shaame
```

Jambo jingine ni mfumo wa ofisi. Umetengenezwa kwa watu wenye jina la ukoo, nao ukakamata jina la mwisho ukalifanya langu. Ndiyo maana barua za mfumo zinakuja "Bi Shaame". Jueni kwamba hapo anaitwa babu yangu, tena kwa "Bi". Mbele ya mteja na kwenye barua rasmi ni Bi Thuwaiba. Waunguja na Wapemba mliopo hapa hili hamhitaji kuelezwa, nawaandikia walioletwa kutoka Dar es Salaam, Tanga na Mwanza. Na kwa kuwa huku mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa, msitarajie kwamba litabadilika, wala msiulizie jina la mume ili mjue mniandikeje.

Nasikia yupo Thuwaiba mwingine upande wa hesabu. Basi tutofautishwe kama tunavyotofautishana siku zote, kwa jina la baba: mimi ni Thuwaiba Khatib. Kwenye kundi la Watsapu nitaandikwa hivyo. Jina la Thuwe nalo, ikiwa yeye ndiye aliyezoeleka nalo hapo ofisini, mwenyeji ana haki; nambieni Jumatatu asubuhi, nitatumia Bi Khatib hadi tupatane. Hilo litakuwa la kupisha tu, si la kudumu.

Vijana mkitaka kusema Dada Thuwe au Da Thuwe, karibuni. Walio rika langu, Thuwe kavu haina kosa. "Mama Fulani" tuliweke kwa shughuli za harusi na misiba. Mteja aliyepewa jina hilo hatalipata kwenye orodha ya simu. "Mpemba" sitaitika. Kwetu ni Wete, sifichi, lakini hapo ofisini tutakuwa Wapemba si chini ya watano, tutageuka wote.

Ukikosea nitakurekebisha papo hapo, kwa neno moja, na si mbele ya mteja. Usiombe radhi sana, lirudie sawa tuendelee. Ukisahau baada ya miezi mitatu, uliza. Ninachokiona kibaya zaidi ya kukosea ni mtu kulikwepa jina, akawa ananiita "wewe" au "yule wa nyaraka" kwa kuogopa.

Nami nataka yenu. Ndugu Mwombeki na Bi Nshoma, majina yenu nimeyasoma kwenye barua tu, na sina hakika mkazo unakaa wapi. Nitumieni sauti fupi kabla ya Ijumaa, pamoja na jina la mkato kama lipo. Asiyelitaka jina la mkato aseme pia, nitalitamka zima.

La mwisho ni kibao cha mezani. Fundi wa chapa anakichukua Alhamisi, na safari iliyopita kwenye kadi za kazi alikula "a". Atakayempelekea, tafadhali ampe maandishi haya haya kwa simu, asimtajie kwa mdomo:

```
THUWAIBA K. SHAAME
Nyaraka za Mizigo
```

Ahsanteni.

Thuwe