Kuomba radhi: taarifa zako zimefika kwa mtu asiyehusika

Tanga, 14 Agosti 2025

Bi. Mwanahamisi,

Shikamoo. Nimeona barua hii ikufikie mkononi, kwa bahasha isiyo na nembo. Baada ya yaliyotokea, kukutumia tena kwa WhatsApp kungekuwa kukutania.

Jana Jumatano saa 10 jioni, ofisi yetu ya mikopo ilituma taarifa ya mkopo wako kwa mteja mwingine. Kwenye simu ya ofisi mmeandikwa jina moja: wewe "Mwanahamisi Ngamiani", yeye "Mwanahamisi Makorora". Mfanyakazi wetu aligusa jina la chini badala ya la juu. Alipoufuta ujumbe, tiki mbili za bluu zilikuwa zimeshawaka.

Ulituuliza, "Kimeonekana nini hasa, mnieleze kimoja kimoja!" Ni jina lako kamili, namba yako ya simu, namba yako ya NIDA yote tarakimu 20, deni lililobaki shilingi 640,000, pamoja na jina na simu ya kaka yako aliyekudhamini. Namba ya siri ya simu yako haikuwemo, na sisi hatunayo.

Ukaandika tena, "Yaani mtu baki ajue nadaiwa kabla mume wangu hajajua?" Hapo sina la kujitetea. Wala yale majibu matatu ya "samahani kwa usumbufu", moja likiwa na kikatuni cha kucheka, siyatetei. Yale yaliniudhi hata mimi nilipoyasoma. Usumbufu ni foleni. Hili ni kuvunja siri yako.

Aliyepokea nimempigia mwenyewe. Amesema amefuta faili, na amenitumia picha ya skrini. Siwezi kukuapia kwamba hakuna nakala iliyobaki. Kwa hiyo piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa NIDA yako. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040. Anayekupigia akijidai ni wa kwetu na kutaka pesa, mkatie. Marejesho yako yanabaki kwa tarehe ileile na namba ileile ya malipo.

Kaka yako tumemweleza asubuhi hii, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tumeiarifu, kama Sheria Na. 11 ya mwaka 2022 inavyotutaka. Nawe una haki ya kutushtaki hukohuko. Ukitaka nakala ya tulichoandika, nitakupa. Kuanzia leo taarifa za mikopo hazitoki kwa WhatsApp. Mteja atazichukua kaunta, kwa kitambulisho.

Uliuliza pia nani atamweleza mumeo. Hilo ni lako, sisi hatutafungua mdomo. Ila ukiona heri nije nieleze kosa ni letu, nitakuja Ngamiani baada ya magharibi, kwa bajaji, si kwa gari la ofisi.

Niwie radhi.

Meneja wa tawi