Tarehe ya Chanjo ya Mwanao Ni Lini?

Ukurasa wa 1
Hongera kwa kumpata mtoto. Kurasa zinazofuata zinawakumbusha wazazi wa Temeke na kwingineko Tanzania Bara tarehe za chanjo za mwanzo, nazo hazichukui nafasi ya mhudumu wa afya ambaye atamwona mtoto wako na kuisoma kadi yake.

Ukurasa wa 2
Mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, yaani BCG, pamoja na matone ya kwanza ya polio. Kama alizaliwa nyumbani, au mliruhusiwa kutoka hospitali kabla hajachanjwa, mpelekeni kliniki mapema iwezekanavyo. Wiki chache baadaye kipele kidogo huweza kutokea pale alipochomwa sindano ya BCG, kikatumbuka na kuacha kovu. Hiyo ni kawaida, kwa hiyo msikikamue wala kukipaka dawa yoyote.

Ukurasa wa 3
Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndizo zinazosahaulika kwa urahisi, kwa kuwa wengi wetu tunahesabu kwa miezi. Chukueni kalenda: mtoto aliyezaliwa Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, anatakiwa kliniki tarehe 16 Februari, 16 Machi na 13 Aprili. Katika mahudhurio hayo hupewa chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, pamoja na chanjo za polio, nimonia na kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota. Mhudumu ataandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, na hiyo ndiyo ya kufuata hata kama hesabu yenu inatofautiana nayo kwa siku moja au mbili.

Ukurasa wa 4
Chanjo ya surua na rubella hutolewa mara mbili, mtoto akifikisha miezi 9 na tena akifikisha miezi 18. Dozi hii ya pili huachwa na wazazi wengi kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na kadi imeshawekwa kabatini.

Ulizeni mapema kliniki yenu inachanja surua siku gani. Chupa moja ya chanjo hii kwa kawaida hutosha watoto kadhaa, na ikishachanganywa haitumiki tena ukipita muda wa saa 6, ndiyo maana vituo vingine huwakusanya watoto kwa siku maalumu. Mkiambiwa mrudi Alhamisi, ombeni tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kabla hamjaondoka.

Ukurasa wa 5
Tarehe imepita? Nendeni tu. Mtoto huendelea pale alipoishia bila kuanza upya, na mhudumu atawapangia dozi zilizobaki. Mafua madogo pia si sababu ya kubaki nyumbani. Mwacheni mhudumu ampime mtoto na kuamua. Ikiwa mtoto aliwahi kupata shida baada ya chanjo, au ana ugonjwa mnaoujua, mwelezeni mhudumu kabla ya sindano, na mnaweza kuomba mzungumze faraghani.

Ukurasa wa 6
Baada ya chanjo, mtoto anaweza kupata homa kidogo, kulialia au kuvimba paja, na kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya siku chache. Endeleeni kumnyonyesha, na msimpe dawa ya homa kabla ya kuuliza kipimo kinacholingana na uzito wake.

Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata usiku, akipumua kwa shida, akivimba uso, akipata degedege, akishindwa kunyonya, akilegea au homa ikizidi kupanda.

Ukurasa wa 7
Kwa chanjo hizi si lazima kupanda daladala hadi hospitali kubwa. Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mkaulizie kliniki ya mama na mtoto. Kama ni wageni mtaani, mwulizeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii au ofisi ya serikali ya mtaa. Chanjo za ratiba hii hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na baba, bibi au dada wa nyumbani anaweza kumpeleka mtoto, mradi awe na kadi na aweze kueleza hali yake. Kadi ikipotea, nendeni kituo alikochanjwa, kwa kuwa taarifa zake huwekwa kwenye rejista.

Maelezo chini ya kurasa
Tafadhali msitume picha ya kadi ya mtoto kwenye maoni, kwa kuwa ina jina lake na taarifa zake za afya. Kwa swali linalomhusu mtoto wako, muulize mhudumu wa kliniki iliyo karibu nawe, au piga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.