Ripoti ya maabara, sehemu ya 4: Kristali violeti na hidroksidi katika hali ya oda ya kwanza bandia

Rangi ya zambarau ya kristali violeti (hapa CV⁺) hufifia inapokutana na ioni za hidroksidi, kwa sababu OH⁻ hujishika kwenye kaboni ya katikati ya molekuli na kuuvunja mfumo wa elektroni unaofyonza mwanga. Kasi ya mmenyuko huu inategemea kemikali zote mbili:

```
kasi = k [CV⁺][OH⁻]
```

Tatizo la mlinganyo huu ni kwamba thamani mbili hubadilika kwa wakati mmoja, ilhali spektrofotometa yetu, iliyowekwa kwenye 590 nm, inaiona moja tu, yaani rangi. Hidroksidi haina rangi, kwa hiyo kupungua kwake hakuonekani kwenye kipimo.

Ndiyo maana tuliweka NaOH kwa wingi mno. CV⁺ ilianza na ukolezi wa 1.0 × 10⁻⁵ M, na NaOH 0.020 M au zaidi, yaani angalau mara 2000. Hata rangi ikiisha yote, OH⁻ inayotumika ni 1.0 × 10⁻⁵ M tu, sawa na 0.05% ya iliyokuwepo. Badiliko hilo ni dogo kuliko makosa ya pipeti, hivyo [OH⁻] tuliihesabu kuwa haibadiliki na kuiunganisha na k:

```
kasi = k′ [CV⁺]        k′ = k [OH⁻]₀
ln A = ln A₀ − k′ t
```

Oda hii tunaiita bandia kwa sababu mmenyuko wenyewe bado ni wa oda ya pili. Tumeufanya tu uonekane kama wa oda ya kwanza. Faida yake kubwa iko kwenye mstari wa pili. Mteremko wa ln A dhidi ya muda hautegemei unene wa kyuveti, wala uwezo wa rangi kufyonza mwanga, wala ukolezi wa mwanzo wa CV⁺, mradi ufyonzaji ubaki ndani ya masafa ambayo sheria ya Beer inafuatwa. Hata sekunde 10 hivi zilizopotea kati ya kuchanganya na kusoma kipimo cha kwanza hazikuharibu kitu: t = 0 inaweza kuanzia popote, mteremko ni ule ule.

Upande wa muda nao ni muhimu. Kama tungetumia ukolezi sawa wa 1.0 × 10⁻⁵ M kwa kemikali zote mbili, kwa k tuliyoipata nusu-maisha ya kwanza ingekuwa 1/(k[CV⁺]₀), takriban sekunde 670,000, karibu siku 8. Kwa NaOH ya 0.020 M ilikuwa sekunde 217.

Matokeo kwa 25 °C, nguvu ya ioni ikishikiliwa kwenye 0.10 M kwa kuongeza NaCl:

| [OH⁻]₀ (M) | k′ (s⁻¹) |
|---|---|
| 0.020 | 3.2 × 10⁻³ |
| 0.040 | 6.1 × 10⁻³ |
| 0.060 | 9.2 × 10⁻³ |
| 0.080 | 1.22 × 10⁻² |

NaCl haikuongezwa kwa mazoea. CV⁺ na OH⁻ zina chaji zinazopingana, na kwa ioni za namna hiyo k hushuka kadiri chumvi inavyozidi. Bila kuisawazisha, kila ongezeko la NaOH lingebadilisha pia k yenyewe, na grafu ya k′ ingepinda kwa sababu isiyohusiana na oda.

Grafu za ln A zilinyooka kwa zaidi ya nusu-maisha tatu. Hilo linathibitisha oda ya kwanza kwa CV⁺ peke yake. Kuhusu OH⁻ halisemi lolote, maana ukolezi wake haukubadilika ndani ya jaribio lolote. Oda ya OH⁻ inatokana na kulinganisha majaribio: mteremko wa ln k′ dhidi ya ln [OH⁻]₀, ukichukuliwa kati ya ncha mbili za jedwali, ni 0.97, kwa hiyo oda ni 1.

Kwa kuchora k′ dhidi ya [OH⁻]₀ tulipata mteremko k = 0.15 M⁻¹ s⁻¹ na kikatizo cha 1.5 × 10⁻⁴ s⁻¹, kidogo mno kudai kwamba kuna njia nyingine ya mmenyuko. Kama ukaguzi wa mwisho, tulipunguza CV⁺ hadi 5.0 × 10⁻⁶ M kwa NaOH ya 0.040 M, k′ ilitoka 6.0 × 10⁻³ s⁻¹, karibu sawa na ile ya jedwali. Kama hidroksidi ingekuwa ziada ya mara 10 tu, ingepungua kwa 10% hadi mwisho wa mmenyuko, na mkia wa grafu ya ln A ungeanza kulala.