Sehemu ya 5.6, Mapendekezo kwa Tafiti Zijazo: Rasimu Iliyoandikwa Upya

Shikamoo Daktari,

Nimerudi kwenye sehemu ya 5.6 kama mtahini alivyoagiza. Aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba mapendekezo yangu manne yangeweza kubandikwa kwenye tasnifu yoyote, na nilipoyasoma tena hapa nyumbani Marangu niliona ana haki. Nilikuwa nimependekeza utafiti kama huu ufanyike mikoa mingine, sampuli iwe kubwa zaidi, majina ya vyakula vingine yachunguzwe, na BAKITA na wadau wengine wafanye tafiti za kukuza Kiswahili. Hakuna hata moja lililohitaji miezi mitatu niliyokaa sokoni ili liandikwe.

Safari hii sikuanza na mapendekezo. Nilifungua madaftari ya uwandani na sehemu ya 1.8 ya mipaka, nikapigia mstari kila mahali nilipoandika "sina uhakika", "arudiwe" au "hakutaka kurekodiwa". Mapendekezo yaliyo hapa chini yametoka kwenye mistari hiyo, na kila moja linataja sehemu ya tasnifu lilikotoka. Naomba uisome kwa ukali ule ule.

5.6 Mapendekezo kwa tafiti zijazo

Utafiti huu ulichunguza majina ya aina za ndizi yanayotumiwa na wauzaji wa soko la Mbuyuni, Moshi, na namna majina yenye asili ya Kichaga yanavyotumika ndani ya Kiswahili cha biashara. Wauzaji 36 walisailiwa kati ya Juni na Agosti 2023, na majina 43 yalikusanywa. Yafuatayo ni maswali ambayo utafiti umeyaibua bila kuweza kuyajibu, pamoja na njia ambazo mtafiti anaona zinaweza kuyajibu.

5.6.1 Jina moja ndizi mbili, au ndizi moja majina mawili?

Kati ya majina 43, yapo 32 ambayo wauzaji wasiopungua watatu waliyahusisha na ndizi ile ile, kila mmoja kwa wakati wake. Mshare, mzuzu, mkono wa tembo na kisukari hayakuleta ubishi hata kidogo. Majina 11 yaliyobaki yaliwagawa wauzaji (taz. sehemu ya 4.3). Mara tano mkungu uliokuwa mbele ya meza mbili zinazopakana ulipewa majina mawili tofauti, na kila mama alishikilia kuwa jirani yake amekosea.

Katika Sura ya Nne majina hayo yaliitwa visawe. Baada ya kuzipitia data upya, mtafiti anaona hitimisho hilo lilikuwa zito kuliko ushahidi wake. Ili maneno mawili yaitwe visawe, lazima kwanza ijulikane kuwa yanataja kitu kimoja, na hilo halikuthibitishwa. Picha zilizopigwa sokoni hazitoshi, kwa sababu aina ya mgomba hutambuliwa pia kwa shina, majani na ua lake, na vitu hivyo hubaki shambani. Kinachofika Mbuyuni ni mkungu, mara nyingi ukiwa umeshakatwa chane.

Kwa hiyo inapendekezwa majina hayo 11 yachunguzwe kwenye kihamba, migomba ikiwa imesimama. Mwanaisimu afanye kazi hiyo pamoja na mtaalamu wa migomba; kituo cha TARI Tengeru, kilicho mwendo mfupi kutoka Arusha, kina watafiti wa zao hili. Wauzaji tisa kati ya 36 walisema huuza ndizi za vihamba vyao wenyewe, na hao ndio wa kuanza nao, kwa sababu wanaujua mgomba na wanalijua soko. Kila mmoja aoneshwe mgomba ule ule peke yake, ataje jina, kisha mtaalamu autambue. Hapo ndipo itakapojulikana kama tuna visawe, polisemia, au aina mbili zinazofanana kwa macho tu.

Utafiti huo ubadilishe pia mpangilio wa maswali. Hojaji ya utafiti huu ilianza na "Ndizi hii inaitwaje?" na swali la matumizi likaja mwishoni. Matokeo yake, "ndizi za mbege" iliingizwa kwenye orodha kama jina la aina, ilhali wauzaji wanne walikuwa wakitaja ndizi yoyote inayofaa kuivishwa ili kupikia pombe hiyo. Muuzaji anaweza kuipanga ndizi kwa chungu inakokwenda (ya mtori, ya kuchoma, ya kula ikiwa mbivu) kabla ya kuipanga kwa mgomba ilikotoka. Swali la "Unapikia nini?" likitangulia, makundi haya mawili ya majina hayatachanganyika.

5.6.2 Majina ya alfajiri

Mtafiti alikuwa akifika sokoni saa 2 asubuhi. Ilichukua wiki tatu kutambua kwamba saa hiyo biashara ya jumla imeshakwisha: mikungu imeshabadilisha mikono, malori yameshapakiwa, na waliobaki ni wauzaji wa rejareja na wateja wao. Ndiyo maana madalali ni wanne tu katika sampuli (taz. sehemu ya 3.4), na wote walisailiwa wakiwa wamechoka na wanataka kuondoka.

Hili si pengo dogo. Swali la pili la utafiti lilihusu jinsi majina ya Kichaga yanavyoingia katika Kiswahili cha biashara, na mlango wake huenda uko hapo hapo, kati ya mkulima anayeuza kwa Kichaga na dalali anayenunua kwa Kiswahili. Dalali mmoja alisema kwamba mzigo ukifika soko la Mabibo, Dar es Salaam, majina mengi ya huku hayatumiki tena, hubaki machache ambayo mteja wa mjini anayafahamu. Maelezo hayo yamenukuliwa katika sehemu ya 4.5, lakini mtafiti hakufika Mabibo, na kauli ya mtu mmoja haiwezi kubeba hitimisho.

Inapendekezwa mtafiti mwingine aufuate mzigo badala ya kukaa sokoni. Achague shehena chache, aanze nazo kihambani, awepo Mbuyuni alfajiri, apande na lori, ashuke Mabibo, na kila ndizi zinapobadilisha mikono aandike zimeitwaje, na nani, kwa lugha gani. Shehena nne au tano zilizofuatwa hadi mwisho zitaeleza zaidi kuliko usaili wa madalali 40 waliokaa kwenye benchi.

5.6.3 Wasemavyo wakirekodiwa na wasemavyo wenyewe kwa wenyewe

Wauzaji 14 walikubali kurekodiwa. Wengine 22 walikataa kinasa sauti, wakakubali maneno yao yaandikwe. Kwa orodha ya majina tofauti hiyo haina athari kubwa, ila kwa sarufi inayo. Katika rekodi hizo kulikuwa na tungo 61 ambamo jina la aina ya ndizi lilisimama bila neno "ndizi". Tungo 52 zilitumia upatanisho wa I-ZI (*mshare hii imekomaa*) na tisa zilifuata umbo la jina lenyewe (*mshare huu umekomaa*). Maelezo yaliyopendekezwa katika sehemu ya 4.6 ni kwamba neno "ndizi" limeachwa mdomoni lakini linaendelea kuongoza upatanisho. Ni maelezo yanayovutia, na mtafiti angependa yawe kweli. Lakini tungo hizo tisa zimetoka kwa wauzaji watatu tu, na haikuwezekana kujua kama wanatofautiana na wenzao kwa umri, kwa lugha ya kwanza, au kwa sababu walikuwa wakichunga maneno mbele ya kinasa sauti.

Labov aliueleza mtanziko huu mwaka 1972: tunataka kujua watu husemaje wasipochunguzwa, na njia ya kujua ni kuwachunguza. Huku uwandani ulijionesha wazi. Wauzaji wawili waliomwambia mtafiti "mshare huu" walisikika baadaye wakimwambia mteja "mshare hii".

Utafiti wa upatanisho peke yake unahitajika, mwembamba na wa kina. Mtafiti aombe ridhaa ya wauzaji wachache, akae nao kama msaidizi wa meza kwa wiki kadhaa, abebe mikungu, arudishe chenji, na aanze kurekodi pale ambapo kuwapo kwake hakumshughulishi mtu tena. Ridhaa ya wateja isisahaulike, kwa kuwa sauti zao pia zitaingia.

5.6.4 Masikio ya mtafiti

Mtafiti ni mzawa wa Marangu na lugha yake ya kwanza ni Kivunjo. Kirombo anakisikia kwa shida. Wauzaji saba walitoka Rombo. Naye walizungumza Kiswahili, wao kwa wao Kirombo, na majina manne aliyoyanasa katika mazungumzo yao aliyaandika bila kuwa na hakika ya sauti wala toni. Kwa sababu hiyo jedwali la utohozi katika sehemu ya 4.4 linaegemea Kivunjo na Kimachame, na lisisomwe kana kwamba linawakilisha Kichaga chote. Ulinganishi wa lahaja unapaswa kufanywa na watafiti wawili au watatu wenye lugha za kwanza tofauti, wakisikiliza rekodi zile zile kila mmoja kivyake kabla ya kulinganisha maandishi yao.

Kuhusu majira: data zote ni za kiangazi. Wauzaji kadhaa walisema masika hubadilisha aina zinazofika sokoni, kwa hiyo ziara fupi ya Aprili ingetosha kuonesha kama kuna majina ambayo hayakusikika.

5.6.5 Yasiyopendekezwa

Rasimu ya awali ilipendekeza sampuli kubwa zaidi. Pendekezo hilo limeondolewa kwa sababu data zenyewe zinalipinga: wauzaji tisa wa mwisho hawakutoa jina hata moja jipya. Kwa saa zile na majira yale, orodha ya Mbuyuni ilikuwa imejaa. Kilichopungua ni aina za ushahidi, si idadi ya watu.

Pendekezo la "mikoa mingine" limebaki kwa soko moja tu, la Tengeru. Wauzaji sita walisema baadhi ya mikungu yao hutoka upande wa Meru, na majina mawili kati ya yale 11 yenye utata yalitajwa na hao sita pekee. Huenda ni majina ya Kimeru. Huko kuna swali linalomsubiri mtafiti. Kwa masoko mengine utafiti huu haukuibua lolote, na haupendekezi chochote.

Majina yote 11 yamo katika Kiambatisho D. Kila jina lina picha ya mkungu, tarehe, mahali muuzaji alikosema ulikatwa, na majina mengine yaliyotolewa na majirani wa meza hiyo, ili atakayeingia kihambani awe na pa kuanzia.